Mama (76) damu haipandi, B12 na chuma havijasaidia, sasa ripoti ya uboho inasema "displasia". Tusaidiane kuisoma

#1 Kitindamimba

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kuelewa hali ya mama yangu, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Mama ana miaka 76. Tangu mwaka jana anachoka haraka, akipanda ngazi lazima asimame katikati avute pumzi. Kipimo cha kwanza hemoglobini ilikuwa 10.4, tukaambiwa ni umri. Akapewa vidonge vya chuma na foliki, baadaye sindano za B12. Ametumia miezi kadhaa bila kuruka dozi, na sasa hemoglobini imeshuka hadi 8.7. Vipimo vingine vya safari hii: MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, 108, nyutrofili 2.6, chembe sahani 402, feritini 690. Figo, ini na tezi ya shingo viko sawa, VVU hana, pombe hajawahi kugusa.

Juzi alichukuliwa uboho nyongani. Ripoti inasema uboho umejaa kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, kuna displasia ya wazi kwenye ukoo wa chembe nyekundu, blasti, yaani chembe changa kabisa, ni 2%, na mwisho wameandika "fikiria MDS, majibu ya kromosomu yanasubiriwa". Nimeambiwa MDS ni kundi la magonjwa ya uboho unaotengeneza chembe zenye kasoro.

Je, hii ni saratani? Na kama uboho umejaa, mbona damu haipo? Kuna kitu cha kuuliza kliniki kabla hatujalikubali hilo jina?

#2 Pwaguzi

Pole sana mkuu. Damu ikiwa chini ni chuma tu hicho, msizungushwe. Mwongezeeni dozi iwe mara mbili. Jirani yangu alikuwa na 6 akapanda hadi 12 kwa chuma peke yake. Hayo mambo ya kutoboa mifupa ni kumtesa bibi wa watu.

#3 Nesi Mstaafu

Mwanangu, chuma usiongeze. Mtu akipungukiwa chuma chembe zake nyekundu huwa ndogo, na za mama ni kubwa, 108 hiyo. Chembe kubwa ni B12 au foliki. Tena ujue kipimo cha B12 kinaweza kusoma vizuri na bado mwilini hamna kitu. Na uboho wa mtu aliyeishiwa B12 ukiutazama kwenye hadubini unatisha, wapo waliodhaniwa wana saratani ya damu kumbe ni upungufu tu. Endeleeni na sindano, msikate tamaa mapema.

#4 Hadubini

Nasoma slaidi za damu na uboho kwa kazi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo. Mnivumilie.

Nianze na chuma, kwa sababu hapo kuna madhara. Feritini ya 690 inasema ghala limejaa. Katika ugonjwa wa aina hii uboho unaohangaika kutengeneza chembe nyekundu hutuma ishara inayoshusha hepsidini, ile homoni ya ini inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Mlango unabaki wazi, chuma kinaingia hata kama hakihitajiki. Ndiyo maana feritini inaweza kupanda kwa mtu ambaye hajaongezewa damu hata chupa moja. Vidonge vya chuma, mwombeni daktari avisimamishe.

Nesi Mstaafu amesema kweli nusu ya kwanza. Upungufu wa B12 unatoa displasia ya kutisha, na kipimo kinaweza kudanganya. Lakini B12 ina tabia moja ya kusaidia: ikiwa ndiyo tatizo, sindano hujibu haraka. Ndani ya wiki moja hivi retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zinazoingia kwenye damu, hupanda, na baada ya miezi miwili hemoglobini inakuwa imerudi au inakaribia. Mama amechomwa miezi kadhaa na hemoglobini imezidi kushuka. Hilo ni jibu tayari. Kuendelea na sindano hakutamdhuru, ila kutachelewesha kutafuta sababu.

Kuhusu uboho uliojaa na damu isiyoonekana: ni kiwanda kinachofanya kazi usiku kucha, mali inaharibikia ndani kabla ya kufika getini. Chembe changa zinaanza kukomaa, zinakosea njiani, zinakufa humohumo ubohoni. Ndiyo maana retikulosaiti za mama, kama zimepimwa, nategemea ziwe chache kwa hemoglobini ya 8.7. Kama ni nyingi, basi turudi nyuma tutafute chembe zinakopasukia au zinakovujia.

Sasa neno displasia. Huo ni muonekano, bado si ugonjwa. Msomaji wa slaidi anaandika kwamba chembe zinazokua zina maumbo yasiyo ya kawaida: kiini kimegawanyika vipande, viini viwili vimeunganishwa na uzi mwembamba, kiini kimebaki kichanga wakati mwili wa chembe umeshakomaa. Tukiona hivyo kwa angalau 10% ya chembe za ukoo mmoja tunasema kigezo kimetimia. Lakini 10% hiyo hupatikana pia kwa watu wenye upungufu wa shaba, wanaotumia methotreksati, azathioprini, mikofenolati au valproati, wanaokunywa pombe nyingi, wenye VVU, hata mtu mwenye maambukizi makali. Kwa hiyo kabla ya kulikubali jina, leta mambo matatu: orodha kamili ya kila anachomeza, pamoja na vile asivyoviita dawa, je, uboho ulipakwa rangi ya chuma, na je, shaba kwenye damu imepimwa?

#5 Asubuhi Njema

Hapo kwenye shaba naomba nisimame, kwa sababu yametupata.

Baba yangu akiwa na miaka 71 hemoglobini ilikuwa 7 na kitu, nyutrofili 0.6. Uboho ukasomwa una displasia, una zile chembe zenye pete, tukaambiwa MDS na tukapangiwa tarehe ya kuanza dawa ya saratani, azasitidini. Kitu ambacho hakuna aliyekiunganisha ni kwamba alikuwa anayumba akitembea na nyayo zimekufa ganzi. Tukadhani ni uzee. Miaka ya nyuma alifanyiwa upasuaji wa tumbo wakaondoa sehemu, na tangu hapo akawa anameza zinki kila siku kwa sababu aliambiwa inaponya vidonda.

Daktari mmoja kijana aliyekuwa anamwandikia kibali cha kulazwa ndiye aliyemuuliza kuhusu miguu. Akaagiza shaba, ikasoma karibu na sifuri. Zinki ikasimamishwa, akapewa shaba. Nyutrofili zilirudi ndani ya wiki chache, hemoglobini ikafuata taratibu. Miguu haijarudi vizuri mpaka leo, anatembea na fimbo.

Kitindamimba, angalia kabati la mama.

#6 Kitindamimba

Asanteni sana. Nimeenda kuangalia na nimeshtuka. Kuna dawa ya presha, na kuna chupa ya vidonge "vya kinga" alizoanza kumeza tangu lile janga la korona. Kila kidonge kina zinki miligramu 50 na anameza viwili kwa siku. Nimeviondoa leo. Ganzi hana, anatembea sawa.

Rangi ya chuma haijatajwa kwenye ripoti. Retikulosaiti zipo: 1.1%, wameandika ni chache.

Swali jingine: maabara ya kwanza ilisoma damu ya kidoleni ikaandika "displasia ya chembe nyeupe". Ya pili ikaandika chembe nyeupe ni za kawaida kabisa. Nani mkweli?

#7 Hadubini

Miligramu 100 za zinki kwa siku ni nyingi mno, kikomo cha kawaida kwa mtu mzima ni 40. Zinki ikizidi, chembe za ukuta wa utumbo hutengeneza protini inayoshika shaba, kisha chembe hizo zinapochubuka hutoka na shaba yote haja kubwa. Kwa hiyo wasiwasi wa Asubuhi Njema ni halali na kipimo cha shaba lazima kifanyike. Ila nasema mapema: picha ya mama hainikai vizuri na shaba. Upungufu wa shaba kwa kawaida hushusha hemoglobini pamoja na nyutrofili, kama ilivyokuwa kwa baba yake Asubuhi Njema. Mama ana nyutrofili 2.6. Pia kwenye uboho wa shaba mara nyingi tunaona vitundu kama viputo ndani ya chembe changa, nyekundu na nyeupe pia. Msomaji wa slaidi za mama hajaviandika. Huenda hakuviona, huenda hakuvitafuta. Mwulizeni.

Kuhusu maabara mbili: uliza damu ilikaa kwenye chupa muda gani kabla ya kupakwa kwenye slaidi. Damu iliyochukuliwa asubuhi ikapakwa jioni ina nyutrofili zenye viini vilivyovimba na matundu ambayo hayakuwapo mwilini. Mimi slaidi iliyochelewa siisomei displasia, naomba damu nyingine. Na hata kwenye slaidi nzuri, wasomaji wawili wazoefu hutofautiana kuhusu displasia kidogo. Chembe zilizokosa chembechembe za ndani zinaweza kuwa ugonjwa au zinaweza kuwa rangi mbaya ya siku hiyo. Kwa hiyo kwa swali lako "nani mkweli", mimi nauamini uboho zaidi ya wote wawili.

Kitu ambacho kingenivutia kwenye karatasi ya mama ni chembe sahani 402. Watu wengi wenye MDS chembe sahani zao huwa chini au za kawaida. Mama mzee, chembe nyekundu kubwa, chembe sahani nyingi kidogo, nyutrofili nzuri: hapo mtu wa damu anafikiria mambo mawili. Moja ni kupotea kwa kipande cha mkono mrefu wa kromosomu ya 5, ambako kunapenda sana wanawake wa umri huu. Kwenye uboho wake unaona chembe mama za chembe sahani zikiwa ndogo, kiini kimoja cha mviringo kisichogawanyika. La pili ni ile aina ya chembe zenye pete za chuma, inayotokana na badiliko la jeni SF3B1. Kromosomu itajibu la kwanza, rangi ya chuma na kipimo cha jeni vitajibu la pili. Chembe sahani zingefika 450 ningekuwa na swali lingine, ila hazijafika.

Angalizo dogo: pete peke yake hazitaiondoa shaba kwenye orodha. Upungufu wa shaba nao unatengeneza pete, kama Asubuhi Njema alivyosimulia. Pete ni chuma kilichonasa kwenye mitokondria kuzunguka kiini, na kuna njia zaidi ya moja ya kukinasisha.

#8 Tabibu wa Zamu

Naheshimu maelezo ya Hadubini lakini niulize kama mtu ninayekutana na wagonjwa hawa wodini. Mama ana miaka 76. Blasti 2%. Shaba apimwe, sawa, hiyo ni rahisi na inatibika. Lakini kipimo cha jeni kitabadilisha nini? Ataongezewa damu akizidiwa, atafuatiliwa. Nimeona familia zinahangaika kutafuta kipimo wakati mgonjwa anahitaji tu hemoglobini ya kumwezesha kufika msalani.

#9 Hadubini

Tabibu, kwa mgonjwa aliyedhoofika ambaye hata tukijua hatutampa tiba yoyote zaidi ya damu, nakubaliana nawe, na hata uboho wenyewe nisingemtoa. Lakini mama huyu anapanda ngazi. Kwake kipimo kinabadilisha vitu viwili. Kwanza kinamaliza ubishi wa shaba na dawa: zinki haitengenezi badiliko la SF3B1. Pili, uchaguzi wa dawa unategemea hilo. Kama ni kromosomu ya 5 peke yake, lenalidomaidi inaweza kumtoa kabisa kwenye kuongezewa damu. Kama ni pete, kuna luspatasepti. Kama si vyote, mazungumzo ni mengine.

#10 Mzee Sabini

Naomba nichomekee langu ingawa si la mama. Nina miaka 70. Miaka miwili sasa nyutrofili ziko 1.2 na chembe sahani 118, hemoglobini nzuri, sijisikii kuumwa. Uboho wangu umesomwa hauna displasia ya kutosha. Lakini jeni zilipopimwa wakakuta TET2 kwa 18% na SRSF2 kwa 21%. Nikaambiwa "bado si MDS, tutakuona baada ya miezi mitatu". Sasa mtu ana mabadiliko ya jeni na damu pungufu halafu hana ugonjwa? Nimekaa na karatasi hii kama mtu mwenye barua asiyoweza kuisoma.

#11 Pwaguzi

Mzee wangu kama hujisikii kuumwa huumwi. Achana na makaratasi.

#12 Hadubini

Mzee Sabini, shikamoo. Pwaguzi anakufariji vibaya. Swali lako ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu.

Mabadiliko kama ya TET2, DNMT3A na ASXL1 hupatikana kwa zaidi ya mmoja kati ya kila kumi waliovuka 70, na wengi wao damu yao ni nzima na watakufa na jambo lingine kabisa. Kwa hiyo jeni peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Displasia nayo peke yake haitoshi, tumeshaona. Wewe uko katikati: damu pungufu ipo, jeni lipo, muonekano haujatimia. Madaktari wana jina la hali hiyo na huenda limeandikwa kwenye karatasi yako, CCUS.

Ila watu wa kundi hilo hawafanani. Mwenye DNMT3A moja kwa asilimia ndogo anaweza kukaa miaka bila kusogea. Mwenye mabadiliko mawili, moja likiwa kwenye jeni la kukata na kuunganisha ujumbe wa seli kama SRSF2, uwezekano wake wa kusogea ni mkubwa zaidi. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Miezi mitatu waliyokupa ina maana. Na kuna namba moja usiiache: monosaiti. TET2 pamoja na SRSF2 hupenda kuelekea kwenye ugonjwa wa monosaiti nyingi. Zikikaa 0.5 au zaidi na zikiwa 10% au zaidi ya chembe nyeupe zote, mwonyeshe daktari wako hata kama nyutrofili hazijabadilika. Na homa kwako, kwa nyutrofili hizo, si ya kusubiri kuona asubuhi.

#13 Mzee Sabini

Marahaba. Nimeangalia. Safari iliyopita monosaiti 0.4, ya kabla yake 0.3. Asilimia wameandika 11. Nitamuuliza. Nashukuru kwa kunieleza bila kuzunguka.

#14 Kitindamimba

Wakuu nimerudi na majibu.

Shaba iko ndani ya kiwango, upande wa chini lakini ndani. Seruloplasmini, protini inayobeba shaba, nzuri. Kromosomu: 46,XX[20], yaani chembe zote 20 walizohesabu ni za kawaida. Rangi ya chuma imepakwa kwenye slaidi ileile ya uboho: pete 31%. Jeni: SF3B1 kwa 36%, hakuna lingine. Erithropoetini ya mama, ile homoni inayoamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu, ni 142. Hemoglobini ya juzi 8.4, wakamwongezea chupa mbili kwa sababu alipata maumivu ya kifua akitembea.

Daktari mmoja anasema aanze sindano za erithropoetini. Mwingine anasema aende moja kwa moja kwenye luspatasepti. Mama anasema hataki sindano zozote, amechoka kuchomwa B12 bure.

#15 Hadubini

Sasa jina linasimama. Swali lako la kwanza kabisa halikujibiwa, nalijibu: ndiyo, ni ugonjwa wa ukoo mmoja wa chembe uliobadilika jeni na kuzidi wengine, na Shirika la Afya Duniani katika mpangilio wake wa 2022 linauweka kwenye kundi la neoplasia. Lakini familia hii ni pana. Aliye na kromosomu zilizovurugika na jeni la TP53 limeharibika pande zote mbili ana ugonjwa wa miezi. Mama yako yuko upande wa pili.

Tuipige hesabu ya IPSS-R, mfumo wa 2012 wa kupima hatari ya MDS uliotokana na wagonjwa 7012. Kromosomu za kawaida zinampa alama 1. Blasti 2% ni 0. Hemoglobini kati ya 8 na 10 ni 1. Chembe sahani juu ya 100 ni 0, nyutrofili juu ya 0.8 ni 0. Jumla 2, kundi la hatari ndogo. Kwa kundi hilo nusu ya watu waliishi zaidi ya miaka 5.3. Usiichukue namba hiyo kama tarehe ya mama. Ilitoka kwa wagonjwa ambao hawakupewa tiba za kubadilisha ugonjwa, wengi wao wenye miaka 70 na zaidi, na haikuhesabu jeni. Mfumo wa 2022, IPSS-M, unahesabu jeni, na SF3B1 ikiwa peke yake inasogeza upande mzuri.

Kuhusu madaktari wawili: wote wana msingi. Erithropoetini ya 142 iko chini ya 200, na hao ndio hujibu sindano vizuri zaidi, ingawa majibu mara nyingi hayadumu zaidi ya miaka miwili hivi. Mnampa wiki 8 hadi 12, asipojibu mnaacha. Hemoglobini isisukumwe kupita 12, na presha yake ifuatiliwe, kwa sababu damu ikizidi kuwa nzito huweza kuganda mishipani. Luspatasepti inafanya kazi mahali pengine: inasaidia chembe zilizokwama hatua za mwisho za kukomaa, ndipo hasa tatizo la pete lilipo. Ni sindano chini ya ngozi kila wiki tatu. Utafiti wa 2020 wa watu wenye pete walioshindwa na erithropoetini ulionyesha 38% walikaa wiki 8 au zaidi bila kuongezewa damu, dhidi ya 13% waliopewa dawa bandia. Utafiti wa baadaye ukailinganisha na erithropoetini tangu mwanzo, luspatasepti ikashinda, na ushindi ulionekana hasa kwa wenye pete.

Ila wagonjwa wa utafiti huo wa pili walikuwa tayari wanaongezewa damu mara kwa mara. Mama amepata chupa mbili tu. Kwa mtu kama yeye ushahidi bado hauko sawasawa na daktari wa pili anavyousema. Mimi ningefikiria erithropoetini kwanza, lakini naona kabisa sababu ya mwenzangu kufikiria kinyume.

#16 Nesi Mstaafu

Mwanangu, kuhusu B12 nilisema nilichokijua na nimeona majibu. Kwenye kuongezea damu nisikilize, hapo nimekesha sana.

Maumivu ya kifua akitembea ni ishara kubwa kuliko namba. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kuhitaji damu akiwa na 9, mwingine anatembea sokoni akiwa na 7.5. Msingojee namba, angalieni anachoshindwa kufanya wiki hii ambacho wiki iliyopita alikiweza. Na damu iingie taratibu, chupa moja kisha mtazameni kabla ya ya pili. Wazee wengi hawafi kwa kukosa damu, maji yanajaa mapafuni usiku baada ya kuwekewa chupa mbili harakaharaka. Akianza kukohoa au kupumua kwa shida amelala, mwiteni nesi hapohapo. Mwombeni pia maabara waandike aina ya damu yake kwa undani kuliko A, B, O, kwa sababu anayeongezewa kila mara hutengeneza kinga dhidi ya damu za watu, na baadaye kumpata anayelingana naye inakuwa shida.

#17 Tabibu wa Zamu

Hilo la Nesi liwekwe juu ya uzi. Niongeze chuma: kila chupa inaleta miligramu 200 hadi 250 za chuma na mwili hauna njia ya kukitoa. Mama alianza na feritini 690 kabla ya chupa ya kwanza. Wengi wanaanza kufikiria dawa za kutoa chuma feritini ikipita 1000 au baada ya chupa 20 hivi. Kwake atafika 1000 mapema zaidi kuliko chupa 20. Hadubini, wewe ungeanza lini?

#18 Pwaguzi

Mi nina swali la kweli safari hii. Kama uboho ndio mbovu, si wapandikize mwingine mambo yaishe?

#19 Hadubini

Pwaguzi, swali zuri. Upandikizaji ndio pekee unaoweza kuufuta ugonjwa huu. Lakini kwa miaka 76 na hatari ndogo, upandikizaji wenyewe unaweza kumuua kabla ugonjwa haujafanya hivyo. Unabaki kwa wenye hatari kubwa walio na mwili wa kuustahimili.

Tabibu, kuhusu feritini sina jibu safi. Feritini hupanda pia kwa homa na uvimbe, kwa hiyo 690 yake huenda si chuma chote. Ningepima na asilimia ya ujazo wa transferini kabla sijasema lolote. Kama ina 80%, nitaacha kulaumu homa. Kwa mtu wa miaka 76 dawa za kutoa chuma nazo zinasumbua figo na tumbo, na ushahidi kwamba zinamrefushia maisha mtu wa umri huo ni mwembamba kuliko tunavyoongea kwenye mikutano.

#20 Tabibu wa Zamu

Nimeona wenye feritini 2500 wakitembea na moyo mzuri, na nimeona wenye 1200 ini limeshajaa. Kwa hiyo ningepiga picha ya ini na moyo ya kupima chuma kabla ya kuanza chochote. Tutabaki tunabishana hapo.

#21 Kitindamimba

Bishaneni tu, nasoma kila kitu.

Vidonge vya chuma vimesimamishwa rasmi, B12 pia. Mama nimemsomea sehemu ya luspatasepti, akauliza kama ni kila wiki tatu kweli. Nikamwambia ndiyo. Akasema kila wiki tatu anaweza kufikiria, lakini erithropoetini ya kila wiki hataki kuisikia. Kwa hiyo daktari wa kwanza ana kazi. Jumatatu tunarudi kliniki na nitauliza ujazo wa transferini, aina ya damu kwa undani, na kama kuna erithropoetini ya kuchomwa mara chache zaidi.

#22 Hadubini

Ipo. Darbepoetini hutolewa kila wiki mbili au tatu. Mtajie daktari wa kwanza hiyo, huenda ugomvi wenu ukaisha bila luspatasepti kwa sasa. Na hemoglobini ya Jumatatu ichukuliwe kabla ya kuongezewa damu, si baada, la sivyo hatutajua kama dawa itakuwa inafanya kazi au ni chupa.